Watoto wawili, 3 kati ya 10: kisa cha imla na mwandiko Darasa la Pili

Kisa hiki ni cha darasa langu mwenyewe. Shule siitaji. Itoshe kusema iko nyanda za juu kusini, upande wa Iringa, kwenye vilima ambako Juni na Julai watoto hufika shuleni wamekunja mikono kwapani. Watoto wawili ninaowaeleza nimewabadilishia mambo yote ya kuwatambulisha, ila maandishi yao ni yaleyale waliyoyaandika.

Hali ilivyokuwa

Darasa la Pili, watoto 74, mwalimu mmoja. Wengi wao Kiswahili wanakikuta shuleni, nyumbani wanasema Kihehe. Imla ilikuwa kila Ijumaa, maneno kumi. Nilisahihisha kama nilivyosahihishwa mimi nilipokuwa mtoto: neno likiwa sahihi vema, likikosewa herufi moja mkasi. Chini naandika alama, na pembeni maneno mawili matatu ya kalamu nyekundu: "Ongeza bidii", "Andika vizuri", "Hongera". Alama zinaingia kwenye daftari la maendeleo, mwalimu wa taaluma anachukua wastani, tunaendelea.

Mwandiko sikuwa nauwekea alama peke yake. Nilidhani nausahihisha humohumo ndani ya imla. Kosa kubwa la kisa hiki lilianzia hapo.

Ijumaa moja

Maneno ya siku hiyo yalikuwa kuku, meza, kalamu, mtoto, nyumba, ndege, chakula, shule, mbwa, ng'ombe. Watoto wawili walipata 3 kati ya 10, na maneno waliyopata yalikuwa yaleyale matatu: kuku, meza, shule. Mmoja nitamwita wa Dirishani, mwingine wa Mlangoni, kwa mahali walipokaa.

Wa Mlangoni alikuwa na hati ya kupendeza. Herufi zimekaa kwenye mstari kama ndege kwenye waya, hazigusani, hazipishani ukubwa. Wa Dirishani daftari lake lilikuwa balaa: herufi zinaelea, nyingine kubwa nyingine ndogo, karatasi imetobolewa na ufutio. Wa Mlangoni nilimwandikia "Hongera kwa mwandiko, ongeza bidii". Wa Dirishani nilimwandikia "Andika vizuri!" na alama ya mshangao nikaikandamiza.

Jioni nikiwa napanga madaftari, yale mawili yalikaa yamefunguka pamoja mezani, nikayasoma neno kwa neno.

Wa Dirishani aliandika: karamu, mutoto, nyuda, dege, chakura, mba, ngobe.

Wa Mlangoni aliandika: kau, oo, nua, ee, aua, a, oe.

Yasome tena kwa sauti. Ya wa Dirishani ukimsomea mtu yeyote sokoni atakuelewa. Ya wa Mlangoni hakuna atakayeelewa. Mmoja anasikia karibu kila sauti ya neno na anakwama padogo. Mwingine anashika karibu irabu tu, na konsonanti nyingi zinampita. Mimi nilikuwa nimewapa alama moja, na yule aliye nyuma zaidi ndiye niliyempa pongezi.

Jumatatu niliwaita kila mmoja kwa wakati wake, nikawasomea maneno matatu yasiyo na maana: pemu, dofi, saluke. Neno lisilo na maana halikaririki, kwa hiyo mtoto hana njia ila kusikiliza. Wa Dirishani aliandika pemu, dofi, saruke. Wa Mlangoni aliandika eu, oi, saue. Basi yale matatu aliyopata Ijumaa yalitoka wapi? Niliinua macho. Kuku ilikuwa kwenye chati ya picha juu ya ubao, meza nilikuwa nimeibandikia jina mwenyewe, na neno shule liko kwenye jalada la daftari la kila mtoto. Alikuwa anachora kilichoko ukutani, na kwa vile mkono wake ni mzuri, alichora vizuri.

Tulichoamua, na kwa nini

Nilizungumza na mwalimu wa Darasa la Kwanza, mtu mwenye miaka mingi kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Tuliamua mambo matatu, lakini mawili ya kwanza ndiyo yaliyotuchosha.

La kwanza, kutenganisha imla na mwandiko kabisa. Imla inasahihishwa kwa kusikia: je, sauti zimo? Hati ikiwa mbaya kiasi gani, haipunguzi kitu. Mwandiko unapimwa siku nyingine, kwa kunakili sentensi moja fupi kutoka ubaoni, ili mtoto asilazimike kufikiria tahajia huku anahangaika na umbo la herufi. Kwenye mwandiko tunaangalia umbo la herufi, kukaa kwenye mstari, ukubwa, na nafasi kati ya neno na neno. Kila kimoja kinaandikwa peke yake, hatuvijumlishi.

La pili, kuacha vema na mkasi kwenye imla na kuweka ngazi. Wazo la ngazi si letu. Tangu miaka ya 1970 wachunguzi wa watoto wa Kiingereza walionyesha kwamba makosa ya tahajia ya mtoto mdogo yana mpangilio, yanapanda hatua kwa hatua. Emilia Ferreiro na Ana Teberosky, walioandika mwaka 1979 kuhusu watoto wa Ajentina wanaozungumza Kihispania, walieleza watoto wanaoandika herufi moja kwa kila silabi, na mara nyingi herufi hiyo ni irabu. Ukiangalia "ee" ya ndege na "oe" ya ng'ombe, ni hilohilo. Ila ngazi za Kiingereza haziletwi kwetu kama zilivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya ngazi zao za juu inahusu herufi zisizotamkwa, na Kiswahili hakina shida hiyo. Shida yetu iko kwenye silabi za herufi tatu na nne. Kwa hiyo tuliandika zetu:

Ngazi ya 1: herufi au alama ovyo, hazihusiani na sauti za neno.

Ngazi ya 2: baadhi ya sauti zimo, hasa irabu au herufi ya kwanza (kau kwa kalamu).

Ngazi ya 3: silabi za herufi mbili ziko kamili, lakini za herufi tatu zinapungua (dege kwa ndege, mba kwa mbwa, sule kwa shule).

Ngazi ya 4: kila sauti ina herufi yake, kilichobaki ni kanuni na matamshi: l na r, ng na ng', mutoto kwa mtoto, maneno yaliyounganishwa au kutenganishwa vibaya.

Ngazi ya 5: sahihi.

Kila neno linapewa ngazi yake. Likiwa na kosa la ngazi mbili, kama ngobe ambayo imekosa m na pia kistari cha ng', tunaandika ile ya chini. Ngazi ya mtoto ni ile inayojirudia zaidi, na maneno yaliyoko ukutani hayahesabiwi. Wa Dirishani kati ya maneno saba ana manne ya ngazi ya 3 na matatu ya ngazi ya 4: yuko ya 3, anakaribia kupanda. Wa Mlangoni yote saba ni ngazi ya 2. Wastani hatuchukui. Mwenzangu alitaka tuchukue, nikamuuliza mtoto mwenye nusu ya maneno ngazi ya 5 na nusu ngazi ya 2 atakuwa wapi. Wastani utasema tatu na nusu, na hakuna neno lake hata moja lililoko hapo. Mtoto wa namna hiyo anakariri, na hilo ndilo unalotakiwa kuliona.

La tatu lilikuwa dogo: kabla ya kuandika ngazi, herufi inayotia shaka tunamwonyesha mtoto na kumuuliza, "Hii inasemaje?" Ile nyuda ya wa Dirishani ilinipa shida, kwani sikujua kama amesikia d au amegeuza b. Nilimwekea kidole kwenye herufi. Akasema "ba". Basi kwenye imla hilo si kosa la sauti. Kilichobaki ni m iliyopotea, na neno ni ngazi ya 3. Kugeuka kwa b kulihamia kwenye mwandiko, ambako ndiko kwake.

Maoni ambayo mtoto anaweza kuyafanyia kazi

"Ongeza bidii" haimwambii mtoto wa miaka minane afanye nini akishika penseli. Tuliweka sharti kwamba kila mtoto anapewa jambo moja tu, linalohusu ngazi inayofuata, na lazima liwe kitu anachoweza kukifanya palepale kwa mkono, mdomo au masikio. Kisha anarudia maneno mawili, si kumi, nikiwa namwona.

Kwa wa Dirishani jambo lilikuwa ile m na n inayopotea kabla ya b, d na g. Kumwambia "sikiliza vizuri" hakusaidii, sauti hiyo ni fupi na imemezwa na jirani yake. Nilimwambia ashike pua, aibane, kisha aseme nyumba polepole.

"Imekwama," akasema.

"Sasa sema nyuba."

Akasema, akanitazama. Mwanzoni kwenye ny ilikwama, lakini kabla ya b haikukwama.

Sauti za m, n na ny hupitisha hewa puani; ukiziba pua haziwezi kutoka. Mtoto hahitaji kujua hilo. Anahitaji kujua kwamba pua ikikwama kabla ya b, d au g, kuna herufi hapo anatakiwa aiandike. Akaandika nyumba, akaandika ndege, akarudi kwenye dawati lake. Dakika tatu hazikuisha. Makosa yake ya karamu na chakura sikuyagusa. Hayo ni ya ngazi ya 4, na ningempa yote siku moja asingeshika hata moja.

Kwa wa Mlangoni pua isingesaidia, kwa kuwa hana konsonanti za kuanzia. Yeye alipiga makofi kwa kila silabi, ka-la-mu, kisha akachora vistari vitatu daftarini, kimoja kwa kila kofi. Sharti lake: kila kistari kina herufi mbili, irabu na mwenzake. Irabu alikuwa anazipata. Kazi ilikuwa kumtafuta mwenzake kwa kuangalia mdomo wangu na kuugusa wake. Kwenye "la" ulimi uko wapi? Kwenye "mu" midomo imefanyaje?

Kwa watoto 74 huwezi kufanya hivi kwa siku moja. Nilichukua sita kwa siku wakati wengine wananakili, kwa hiyo mzunguko mmoja ulikula siku kumi na tatu za shule. Imla ya kila Ijumaa ikawa mara moja kila wiki tatu. Mwalimu mkuu alitaka alama za kila wiki ziendelee kwa sababu ya taarifa, nami nilizipeleka kutoka kwenye mazoezi ya kusoma. Ngazi zilikaa kwenye kijidaftari changu.

Mwandiko na baridi

Hapa tulijikwaa. Kipimo cha kwanza cha mwandiko tulikifanya Juni, kipindi cha kwanza asubuhi. Nusu ya darasa walionekana wamerudi nyuma: herufi zinatetemeka, penseli imekandamizwa mpaka inavunjika ncha. Nilikuwa tayari nimeshaandika maoni yangu kuhusu ushikaji wa penseli, ndipo mwenzangu alipomshika mtoto mmoja vidole. Vilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Tulirudia sentensi ileile saa tano, jua likiwa limeingia darasani, na wengi wakarudi walikokuwa. Tangu hapo mwandiko unapimwa baada ya mapumziko, na ukisoma matokeo ya mwandiko ya shule za huku kwetu, uliza kwanza yalichukuliwa saa ngapi.

Jambo jingine ni kwamba daftari pekee halikuambii kwa nini herufi ni mbaya. Inabidi umwone mtoto anavyoandika. Wa Dirishani alikuwa anaanza b kwa duara, kisha anatafuta upande wa kuweka kijiti. Mara anakiweka kulia, mara kushoto, na ndiyo maana b na d zinabadilishana. Maoni yake ya mwandiko yalikuwa: b inaanza na mti, d inaanza na tumbo. Aliandika mstari mmoja wa kila herufi akiwa anasema kwa kunong'ona "mti, tumbo". Kugeuza herufi katika umri huo si jambo la kutisha, watoto wengi huliacha wenyewe, lakini mtoto mwenye njia moja ya kuanza herufi huliacha mapema zaidi.

Matokeo baada ya wiki nane

Tulitumia maneno mapya, chati zimegeuzwa uso ukutani, na kila neno limetamkwa ndani ya sentensi. Wa Dirishani alipata 6 kati ya 10. Mbuzi, ndizi na shamba zote alizipata. Kati ya aliyokosa kulikuwa na kengere kwa kengele, na kambati kwa kabati. Yuko ngazi ya 4.

Wa Mlangoni alipata 2. Aliandika mukate, buzi, shaba kwa shamba, nana kwa nyanya, na samaki akaipata. Karibu maneno yote ni ngazi ya 3. Yaani mtoto amepanda ngazi nzima, na alama yake imeshuka kutoka 3 hadi 2, kwa sababu chati hazikuwepo za kumwazima maneno.

Hilo lilinifikia mlangoni siku ya pili. Bibi yake alikuja na daftari mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Huyu mtoto hati yake nzuri, kila mtu anasema. Mbona anarudi chini?"

Nilimfungulia kurasa mbili, ile ya zamani na mpya. Bibi anasoma kidogo, alijifunza ukubwani. Nilimwomba anisomee "oe". Akasoma, akanyamaza. Nikamwomba asome "buzi". Akacheka, akasema, "Huyu mbuzi." Hakuuliza tena kuhusu alama. Mimi ndiye niliyekuwa na kosa: daftari lilikwenda nyumbani na 2 ya wino mwekundu bila neno lolote la kuieleza, baada ya miezi ya "Hongera kwa mwandiko".

Kilichofaa na kilichoharibika

Kutenganisha mwandiko na imla ndiko kulikoleta tofauti kubwa kuliko kitu kingine. Hati nzuri ilimficha wa Mlangoni kwa muhula mzima. Nilipopitia darasa zima niligundua wengine kama yeye, wote wasafi wa daftari, na karibu wote wanakaa mahali ambapo chati zinaonekana vizuri.

Maoni ya jambo moja yalifanya kazi, lakini yalizaa makosa mapya. "Kambati" ya wa Dirishani ni zao la pua: alijifunza kwamba kabla ya b mara nyingi kuna m, akaiweka hata isipokuwepo. Kwa kusahihisha kwa mkasi hilo lingekuwa kosa kama makosa mengine. Kwa kweli ni dalili kwamba amekishika kitu na anakivuta kupita kiasi. Dawa yake ni pua ileile: sema kabati ukiwa umeibana, inakwama wapi? Haikwami.

"Mukate" ya wa Mlangoni nilimfundisha mimi. Sharti la herufi mbili kwa kila kofi linavunjika kwenye mkate, mtoto, mti, ambako m ni silabi peke yake, na linavunjika pia kwenye oa na ua. Kwa mtoto anayesikia "mu" nyumbani, sharti langu lilithibitisha kosa alilokuwa nalo tayari. Ningeanza upya ningelisema hivi: kila kofi lina herufi mbili, ila m anaweza kukaa peke yake. Na ningechagua maneno ya mwanzo yasiyo na m ya namna hiyo.

Suala la l na r halikwisha, na sehemu ya lawama iko kwetu walimu. Katika imla mojawapo nilikuwa na dharura, mwenzangu mwingine akanisaidia kusoma maneno. Watoto kumi na kitu waliandika karamu. Niliwauliza, wakasema "Mwalimu alisema karamu." Nilimsikiliza kesho yake akifundisha, kweli, ndivyo anavyotamka, naye ni mtu wa hukuhuku. Ubaya wa neno hili ni kwamba karamu ni neno halali, la sherehe na kula, kwa hiyo mtoto aliyeandika hivyo aliandika sahihi alichokisikia. Tangu hapo kila neno la imla linasemwa peke yake, linawekwa kwenye sentensi ("Nimenunua kalamu dukani"), kisha linarudiwa. Mtoto asiyesikia tofauti ya l na r hatapona kwa kusahihishwa. Huyo anayakumbuka maneno kwa macho, kwa kuyasoma mara nyingi. Kwa hiyo kosa la l na r pekee halimzuii mtoto kuhesabiwa ngazi ya 4.

Kukubaliana wasahihishaji wawili kulikuwa kugumu kuliko tulivyodhani. Tulichukua madaftari ishirini, kila mmoja akasahihisha kivyake, na tukapishana kwenye sita. Karibu yote sita yalikuwa kati ya ngazi ya 3 na ya 4, na chanzo kilikuwa kimoja: mwenzangu aliiweka "ngombe" ngazi ya 3 kwa kuwa kistari kimekosekana, mimi nikaiweka ya 4 kwa kuwa sauti zote zina herufi. Tuliandika nyuma ya kijidaftari maneno kumi na mawili yenye utata na ngazi tuliyokubaliana. Kila tukipishana tunaongeza neno. Sasa yamefika thelathini na moja, na la mwisho kuingia ni "babangu", ambalo bado hatujakubaliana.